Saa Saba ya Daktari

Daktari wa macho aliyekuja Chimala alikuwa mgeni, Kiswahili bado anajifunza. Alimwambia mama, "Njoo kesho saa saba nikutoe mtoto wa jicho."

Mlangoni mama aligeuka. "Saa saba mchana, daktari?"

"Hapana, asubuhi." Akatuonyesha saa yake, mshale mfupi kwenye saba.

"Hiyo kwetu ni saa moja," mama akasema.

Kesho yake tuliwahi, mama akapasuliwa. Mchana daktari alikuwa anafunga mizigo aende Iringa, mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye foleni jana akaingia.

"Umechelewa sana," daktari akamwambia.

Mama, jicho limefungwa bendeji, akadakia: "Hajachelewa. Ulimwambia saa saba, na sasa ndiyo saa saba."

Daktari akamwomba radhi mzee, akamwambia nesi aandae vifaa upya.