Kosa Lililotoka Ubaoni

Hapa Nchelenge, kando ya ziwa, nilikusanya karatasi za mazoezi ya masomo ya ziada, zikinuka chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa ufukoni. Nilitaka kutunga kijitabu cha majibu kinachotaja, katika kila hatua, kosa linalorudiwa zaidi.

Swali la nne lilikuwa −2(x − 3) = 10. Karibu wote waliandika −2x − 6 = 10, wakapata −8. Jibu sahihi ni −2. Kisha, katika daftari la mwanafunzi mmoja, nikaona mfano ulionakiliwa kutoka ubaoni siku ya somo: kosa lile lile, kwa mkono wa mtoto lakini kwa akili ya mwalimu mwenzangu mkubwa, aliyefundisha somo hilo.

Nilimwonyesha mwalimu huyo. Akacheka.

“Weka majibu tu, mwalimu mudogo. Ukitaja kosa, bazazi ya batoto batauliza nani alibafundisha.”

“Mutihani ni mwezi ujao, mwalimu.”

“Basi andika ni uvivu yabo.”

Nilichukizwa naye, kisha nikajichukia mwenyewe, kwa kuwa kando ya swali hilo nilikuwa nimekwisha kuandika neno “uzembe”. Nikalifuta. Nikaandika: “Hatua ya kwanza: −3 imezidishwa kwa 2 badala ya −2. Tuliwafundisha hivyo sisi.”