Damu Safi ya Mwalimu Longino

Tangu mkewe Renatha afariki, nyumba ya Mwalimu Longino pale Butimba ilikuwa kimya hata friji ikiwaka unashtuka. Mwanaume anapika wali wa mtu mmoja, anakula nusu, nusu anawapa kuku wa jirani. Jumapili anarudi kanisani polepole makusudi, maana nyumbani hakuna wa kumuuliza padri kahubiri nini. Upweke jamani, usikie kwa mwenzio.

Kilichomweka hai mwaka ule ni jambo moja: Jumamosi mjukuu wake, Kokulinda, alikuwa anakuja likizo ya mwezi wa sita.

Si jambo dogo, ngoja nikwambie. Mtoto huyo anakaa Njombe, kwenye baridi ambako mbu wa malaria ni wa kuhesabu, kwa hiyo mwili wake haujauzoea ugonjwa huo. Likizo ya mwaka uliopita alikuja kwa babu akiwa mzima, akarudi kwao mzima, halafu homa ikamlipukia hukohuko nyumbani. Watu wakadhani mafua. Walipokuja kupima malaria mtoto keshaanza degedege. Alipona kwa neema ya Mungu, ila mama yake, Prudencia, alitamka neno moja tu: huko hatakanyaga tena. Longino alibembeleza mwaka mzima. Akapuliziwa dawa ukutani, akatundika chandarua kipya chenye dawa, akawabana majirani wafukie mashimo ya matofali yaliyokuwa yamejaa maji na viluwiluwi. Akapiga picha kila kitu akamtumia mkwewe. Mwishowe Prudencia akalegea. "Sawa, baba. Mara hii tu. Akiugua tena, basi."

Sasa Alhamisi hiyo, Longino alikuwa maabara na wanafunzi wake wa mwaka wa pili, chuo cha afya anakofundisha vimelea. Alikuwa na furaha, mpaka wanafunzi wakamshangaa. Akachora ubaoni duara kubwa la safari ya vimelea vya malaria, na kila mahali pa kuikatiza akachora mkasi.

"Mbu jike wa anofelesi anauma, anaacha vimelea pamoja na mate yake. Vinakwenda wapi?"

"Kwenye ini!" darasa likaitika.

"Vinakaa huko kama wiki, vinazaliana, na mtu hajisikii chochote. Ndiyo maana mgeni anaugua akiwa ameshafika kwao." Akachora mshale kutoka kwenye ini. "Kisha ini linaachia maelfu, vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, vinazaliana, vinazipasua, vinaingia nyingine. Hapo ndipo homa. Mkasi wetu hapa?"

"Dawa mseto!"

"Vizuri. Lakini baadhi ya vimelea haviendelei kupasua chembe. Vinageuka vya kiume na vya kike, vinatulia kwenye damu kumngoja mbu. Havimuumizi mtu. Dawa mseto haiviui vizuri vikishakomaa, tunaongeza dozi moja ndogo ya primakwini. Mbu akivinyonya, kiume na kike vinaungana tumboni mwake, vinatoboa ukuta wa tumbo, vinajenga kifuko, kifuko kinapasuka, vinahamia kwenye tezi za mate. Kazi hiyo inachukua siku kumi hivi au zaidi. Kwa hiyo mbu wa hatari ni mbu gani?"

Mwanabaraka, binti wa Kirumba asiyekosa neno, akajibu, "Mbu mzee, mwalimu."

Wakacheka. Longino naye akacheka. "Mbu mzee, naam. Chandarua na dawa ya ukutani vinamuua kabla hajafikia uzee huo."

Kisha ukaja mchezo wake wa kila mwaka. Ili wanafunzi wajue damu isiyo na vimelea ikoje, alijitoboa kidole mwenyewe, akapaka tone kwenye vioo, akawapa wapake rangi. "Hii ndiyo damu safi," akasema kama anavyosema siku zote. "Sijaumwa malaria miaka sita." Hakuwahi kuipima kwanza. Apime ya nini? Hana homa, hana hata kichwa kuuma. Mganga hajigangi, waliosema hivyo walimwona Longino.

Mwanabaraka aliinama kwenye hadubini muda mrefu. "Samahani mwalimu. Hii siyo safi."

"Hayo ni mabaki ya rangi. Hukusuuza vizuri."

"Nimesuuza, mwalimu. Njoo uone."

Akaja kwa mbwembwe, akaweka jicho, akazungusha skrubu. Mbwembwe zikaisha. Vilikuwa vimelala pale, vimepinda mithili ya ndizi changa, mtu aliyezaliwa Kagera kwenye migomba kama yeye hawezi kuvikosea. Akasogeza kioo. Kingine. Akasogeza tena, kingine, na pembeni vipete viwili vitatu, vimelea vichanga, ndani ya chembe nyekundu. Vimelea vya kiume na vya kike, kwenye damu yake yeye. Ukubwani, kwa kuumwa na mbu miaka nenda rudi, mwili hujifunza kuvumilia, vimelea vinakaa na mtu haugui. Alikuwa amelifundisha hilo mara ngapi! Kila mkasi ameushika, amekata kwa jirani, amekata ukutani, amekata kitandani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Tuandike nini, mwalimu?" Mwanabaraka akauliza taratibu.

"Andikeni mlichokiona," akasema. Akaenda kukaa.

Dawa angeipata siku ileile, hilo halikumsumbua. Angemeza mseto na primakwini, na baada ya siku chache damu yake isingemwambukiza mbu yeyote. Lakini mbu waliokwisha kumnyonya je? Juma hili, juma lililopita, jioni barazani anapokaa peke yake bila chandarua? Hao dawa ya Longino haiwagusi. Wapo vichakani nje ambako hakuna ukuta uliopuliziwa, vifuko vinakua tumboni, na watakaofikisha umri watakuwa tayari siku zilezile Kokulinda atakapokuwa anaruka kamba uani. Chandarua kingemlinda akilala. Mwaka jana pia alilala ndani ya chandarua. Dawa za kinga zipo, zinapunguza hatari, haziifuti.

Na yeye akiighairi safari hii, Prudencia hatampa nafasi nyingine. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Kusema kweli alilitafuna wazo hilo mpaka maabara ikabaki tupu, na likamtamanisha vibaya sana.

Akapiga simu.

"Shikamoo baba," Prudencia akasema. "Tunafungasha hapa."

"Marahaba mwanangu. Asije."

Akamweleza yote bila kuficha. Kisha Prudencia akauliza, na hakupandisha sauti, "Kwa hiyo mwaka jana, baba, mtoto aliambukizwa kutokana na wewe?"

"Sijui. Ila siwezi kusema hapana."

"Ahaa." Akavuta pumzi. "Asante kwa kuniambia."

Longino alingoja aongeze kitu, labda likizo ijayo, labda tutaona. Hakuongeza. Kukasikika simu ikinyang'anywa.

"Babu! Kwani hutaki nije?"

Machozi yakamtoka mzee wa watu, mbele ya viti vitupu. "Nataka kuliko kitu chochote, mama yangu."

"Sasa mbona umekataa?"

Mwalimu aliyefundisha duara lile miaka ishirini na kitu akatafuta jinsi ya kulieleza kwa mtoto wa miaka saba.

"Kwa sababu ukija utaugua," akasema.

"Nani ataniambukiza?"

"Mimi," akajibu Longino.

Mtoto akafikiri kidogo. "Basi pole, babu," akasema, akamrudishia mama yake simu, na mama yake akaikata.