Senti za Tundu za Fundi Zefania

Zamani redio ikinyamaza Ilongero, mwenye nayo aliikumbatia kama mtoto mgonjwa akaipeleka kwa fundi Zefania Mghenyi. Siku hizi kitu kikizima kinatupwa jalalani, mbuzi wanakinusa, na mwenyewe yuko dukani anachagua rangi ya kingine.

Zefania hakusoma shule ya maana. Umeme aliusoma kwenye vijitabu vilivyochanika alivyoachiwa na padri mmoja wa Kilimatinde, akavisoma mpaka karatasi zikawa laini kama kitambaa. Kutoka humo alijua kuunga waya, kubadilisha spika, na kuisikiliza redio mbovu kwa sikio moja huku amefumba jicho. Alijua pia kuufumbua ule uchawi wa wazee wa kuanika betri zilizochoka juu ya bati. "Haziongezeki nguvu," aliwaambia, "zinapata joto tu, zinajikokota kidogo kabla ya kufa." Hawakumwamini, lakini walimheshimu, na heshima ndiyo iliyomshibisha.

Sasa kibanda chake karibu na uwanja wa mnada kilikuwa kimejaa redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Vijana walipita wakiwa na simu zimening'inia shingoni, wanacheka peke yao kama walevi. Wakimsalimia, walimsalimia bila kuinua macho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unamsalimia nani, mimi au hicho kioo?"

Kwa hiyo mwalimu Damari alipokuja kibandani, akapiga goti kidogo kama binti aliyelelewa, Zefania alimtengea kigoda. Damari alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata, mgeni, mwembamba, mwenye sauti ya kuomba radhi. Alisema shule inaanzisha klabu ya sayansi. Wanataka kuwaonyesha wazazi betri ya kwanza kabisa duniani, ile aliyoitengeneza Mtaliano Volta miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, kwa kurundika visahani vya metali na vitambaa vya maji ya chumvi. Shule haina shaba wala zinki. Tena klabu inahitaji fundi wa kuisimamia, mtu wa vyombo, mtu wa mikono.

"Mkuu wa shule anasema taa ikiwaka mbele ya wazazi, usimamizi ni wako, babu. Na chumba cha nyuma kitakuwa karakana yako."

Zefania aliangalia rundo la redio zisizo na wenyewe. Karakana! Wanafunzi wamemzunguka, wanamwita fundi, wanashika koleo anavyoshika yeye. Alikohoa ili asionekane amefurahi.

"Shaba ninayo," alisema.

Alikuwa nayo kweli. Mama yake alimwachia shada la sarafu za senti kumi za mkoloni, zile nene zenye tundu katikati, ambazo wanawake wa Kinyaturu walizitunga zikawa pambo. Si shaba tupu, zimechanganywa bati kidogo, lakini kwa kazi hii shaba ndiyo inayohesabika. Alizisugua kwa mchanga na ndimu mpaka zikang'aa kama zimetoka kiwandani. Zinki aliitoa kwenye betri zilizokufa, zile za redio za bei rahisi: ukivua koti la nje na kumwaga ule weusi wa ndani, unabaki na kikombe cha zinki kilichokwisha kuliwa-liwa. Alikikata, akakinyoosha kwa nyundo, akachonga visahani vinavyolingana na senti. Vitambaa alivikata kwenye blanketi kuukuu. Chumvi ya pakiti aliikataa kwa dharau. Alimtuma mwendesha bodaboda amletee dumu la maji ya chumvi ya ziwa Kindai.

"Hiyo ya dukani imeshalainishwa," alisema. "Kama watu wanaoila."

Siku ya mkutano wa wazazi, meza iliwekwa uani. Mkuu wa shule, mwalimu Stanley, mtu mnene mwenye tai iliyomkaba, alitoa hotuba ndefu kuhusu teknolojia bila kutaja kitu hata kimoja kinachoshikika. Wazazi walipiga miayo. Wenye simu walizishika juu, tayari kurekodi jambo ambalo hawakulijua.

Zefania alisogea mezani amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amesimamisha vijiti vitatu vikavu kwenye ubao, ili rundo lisianguke. Akaanza kupanga. Senti, kitambaa chenye maji, zinki, kitambaa, senti, kitambaa, zinki, kitambaa. Alipanga kwa madaha, kila kisahani akikionyesha kwanza kwa umati.

Damari aliinama karibu na sikio lake. "Babu, samahani. Zinki na senti inayofuata zinatakiwa ziguse. Hapo kitambaa hakiwekwi."

"Ziguse?" Zefania hakushusha sauti. "Metali iguse metali? Mwanangu, hiyo ni shoti! Nimechoma vidole kwa shoti kabla hujazaliwa. Kitu cha kwanza fundi anachojifunza ni kutenganisha."

Watu walicheka. Walimcheka Damari, na Zefania akakipokea kile kicheko kama chai ya moto asubuhi ya baridi. Binti wa watu akarudi nyuma.

Pea sita za shaba na zinki zilikamilika. Chini senti, juu zinki. Zefania alichukua kitaa chekundu alichokitoa kwenye redio, kidogo kama punje ya mtama, akaunga mguu wake mrefu wa waya kwenye senti ya chini na mguu mfupi kwenye zinki ya juu.

Hakikuwaka.

Akabonyeza. Akapuliza. Akaleta kipima umeme chake cha mshale; mshale ukainuka kwa uvivu, ukasimama kabla ya kufika volti moja. Nguvu ya pea moja tu, kana kwamba zile nyingine tano hazikuwepo.

"Maji hayajakolea," alisema. Akachukua kikombe akamwagilia rundo lote kutoka juu. Maji ya ziwa yakachuruzika ubavuni, yakaunganisha visahani vya juu na vya chini kwa nje, na mshale ukazidi kulala.

"Fundi, weka juani!" mtu mmoja alipaza sauti. "Tukaanike!"

"Mpigieni simu huyo Mtaliano!"

"Hii inachaji simu kweli, au tumekuja kuangalia nguo za kufua?"

Zefania aliwatazama. Watu ambao baba zao walikuja kwake wameshika kofia mkononi. Mwenye kupiga kelele kuliko wote, Marko, muuza laini za simu, hakujua hata kwamba ndani ya ile simu yake kuna metali mbili na unyevu unaopitisha umeme, jamii moja na rundo hili alilokuwa akilicheka. Zefania alitaka kumwambia. Lakini mtu ambaye taa yake haijawaka anaongea na nani?

"Mwalimu Damari," mkuu wa shule alisema akiangalia saa, "kuna namna, au tuendelee na ajenda?"

Damari alisogea. Hakuomba radhi safari hii.

"Naomba tochi ya yeyote," alisema. Akapewa. Akaifungua mbele yao, betri zikamwangukia kiganjani. "Mnazipanga vipi hizi?"

"Kichwa kwa mkia!" wanafunzi waliitikia.

"Nikizipanga kichwa kwa kichwa?"

"Haiwaki!"

"Basi. Hapa kila shaba na kila zinki, kati yao kitambaa chenye chumvi, ni betri moja. Maji ya chumvi yanaila zinki polepole. Zinki ikiliwa, inaacha umeme hasi ndani ya kisahani, na ule umeme unatamani kwenda kwenye shaba. Kwenye kitambaa haupiti. Humo zinasafiri chembe za chumvi tu. Kwa hiyo lazima uzunguke kwa waya, na taa tumeiweka njiani." Alikuwa akibomoa rundo huku akisema. "Babu ameweka kitambaa kila mahali. Kwa hiyo kila zinki ina shaba huku, na shaba kule. Betri moja inasukuma juu, inayofuata inasukuma chini. Zinauana, inabaki moja tu. Zinki ikiigusa shaba inayofuata bila kitambaa, hiyo si shoti. Ni kichwa kimegusa mkia."

Alikamua kila kitambaa mpaka kikaacha kudondosha, akafuta vijiti, akapanga upya. Senti, kitambaa, zinki. Juu ya zinki senti kavu, kitambaa, zinki. Vitambaa vingine vilibaki pembeni ya meza. Mshale uliruka, ukapita volti tatu. Damari akashika vile vimiguu viwili.

Kitaa kiliwaka. Kidogo, chekundu, kama jicho la sungura gizani, lakini kiliwaka mchana kweupe, na wote wakakiona.

Wakapiga makofi. Wakarekodi. Walirekodi kwa bidii hata baadhi yao hawakukiangalia kile kitaa chenyewe, walikiangalia ndani ya simu kilipokuwa kinafifia. Maana kilianza kufifia: mapovu yanajikusanya kwenye shaba, nguvu inachoka. Marko akauliza tena kama kinachaji simu. Alipoambiwa hapana, akaondoka.

Mwalimu Stanley alimshika Zefania bega. Alikuwa mkarimu, kwa ule ukarimu wa mtu anayekugawia kiporo.

"Mzee wetu, vifaa ni vyako, tunashukuru. Mwalimu Damari atasimamia klabu. Wewe utakuwa msaidizi wake. Karakana mtatumia wote."

"Karibu sana, babu," Damari alisema, na alimaanisha. "Mimi kukata zinki vile siwezi. Nifundishe."

Zefania aliuona mlango ukiwa wazi, akamwona na aliyeushika: msichana aliyemsahihisha mbele ya kata nzima. Aliangalia zile senti za mama yake chini ya kile kitaa kinachokufa.

"Msaidizi," alisema. Akalionja neno, akalitema. "Nimekuwa fundi tangu hapa shuleni pakiwa shamba la alizeti. Tafuteni msaidizi kwenye simu zenu."

Akachukua koleo na kipima umeme. Senti aliziacha, maana kuzitoa chini ya vitambaa mbele ya watu kungekuwa aibu ya pili. Hakuna aliyemkimbilia. Damari alitaka, lakini wanafunzi walikuwa wamemzingira.

Kibandani redio zilimngoja kama alivyoziacha. Alikaa humo msimu mzima wa mavuno ya mtama, akiwatukana wapitao kimoyomoyo. Alivifungua tena vile vijitabu. Palikuwa na picha ya rundo la Volta, ndogo, imeliwa na mende upande mmoja. Ukiitazama vizuri ungeona zinki imeketi juu ya shaba moja kwa moja. Alikifunga kitabu, akasema wachapaji walikosea.

Mara ya mwisho alipowaona wale wa klabu alikuwa anapita nyuma ya shule, anatoka kuchunga ng'ombe wake wachache. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi. Wanafunzi walikuwa wamerundika visahani juu zaidi ya siku ile, senti zake zikiwa chini kabisa zimebeba nyingine, na msichana mmoja alikuwa anajikata kidole kwa zinki kwa sababu aliushika mkasi vibaya, vibaya kabisa, kama mtu anayekata kitambaa cha kushonea. Damari aliinua kichwa akamwona. Alimpungia mkono: ingia, babu. Zefania alisimama kidogo. Kisha akawapigia ng'ombe mluzi, akashika njia.