Kilatini cha Bwana Abdulqadir

Abdulqadir bin Ridhwani bin Jeilani, mtu wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Jeilani ndiye aliyenakili misahafu kwa kalamu ya mwanzi na wino aliousaga mwenyewe, na Siyu nzima hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa hapa alama ya fat'ha imepinda. Ridhwani, mwanawe, alishona viatu vya ngozi ambavyo mabwana wa Lamu walivivaa siku ya Idi. Abdulqadir yeye alipiga taipu. Alikaa mahakamani Lamu chini ya Waingereza na akakaa baada yao, na haikutoka karatasi mezani kwake ikiwa na herufi mbovu. Huo ndio aliouona kuwa urithi wake, na alitembea nao barabarani kifua mbele.

Kilatini cha sheria alifundishwa na karani mkuu wa zamani, Mgoa mmoja mzee. Si lugha yenyewe, maana hata huyo Mgoa hakuijua. Ni maneno tu, na adabu zake. Neno la Kilatini hupigiwa mstari chini, ili mpiga chapa akilifikia aliweke kwa herufi za kulala, msomaji ajue kuwa huyu ni mgeni. Lakini mgeni akikaa sana huwa mwenyeji: affidavit na alibi zimekwisha kuingia katika Kiingereza, hazina haja ya mstari. *Prima facie* huishia na e, na anayeandika a hajasoma. *Ex parte* ni maneno mawili, usiyagandishe. Hayo yote Abdulqadir aliyashika kama alivyoshika Juzuu Amma. Mgoa alimwambia na jingine, kwamba *inter alia* maana yake ni "pamoja na mengine" na si zaidi, na kwamba mtu asiye na wakili aandikiwe hivyo hivyo, kwa maneno ya sokoni. Hilo Abdulqadir alilisikia tu. Lilimpitia.

Baada ya uhuru akaja hakimu kutoka bara, Bwana Hudson, kijana wa suti ya kijivu, mpenda Kilatini kuliko Waingereza waliomtangulia. Wakapatana. Hakimu akisema neno, Abdulqadir anarudisha kitoroli cha taipu nyuma na kulipigia mstari, tak tak tak, mstari ulionyooka kama uzi wa mshoni. Waliokuja na shida zao walikaa bencini wakisikiliza mlio huo, wakaona kweli hapa pana serikali.

Mwaka wa sitini na nane ikaja kesi ya Bi Hadia wa Siyu. Mumewe alikufa akamwachia shamba la minazi, na mahari yake yote yalikuwa humo. Arubaini haijatimia, shemeji yake Yunusi akaingia na wakwezi, akasema nduguye alimuuzia angali hai. Bi Hadia akashtaki. Abdulqadir alimjua tangu utotoni. Mamake Abdulqadir alipougua, jikoni mwa Bi Hadia ndimo alimokula. Lakini mahakamani hakumwonyesha uso wa kumjua, maana kazi ni kazi.

Mara mbili Bi Hadia aliitwa, na mara mbili alikuja. Mara ya tatu homa ikamlaza, akatuma mtu kusema. Siku hiyo wakili wa Yunusi naye alikuwa hajafika kutoka Mombasa, na hakimu alikuwa anakwenda likizo. Basi kesi ikaahirishwa *sine die*. Abdulqadir akapiga ilani kwa Kiingereza, maneno mawili yakatengana vizuri, mstari chini yake. Askari wa mahakama akaipeleka Siyu, Bi Hadia akatia dole gumba.

*Sine die* ni "bila siku". Hakuna tarehe iliyowekwa, na asiyetaka kesi yake ife ni lazima aje mwenyewe aombe tarehe. Akinyamaza mpaka muda wa sheria ukapita, mwenzake ana haki ya kuomba ifutwe. Mistari miwili ya Kiswahili ingetosha. Haikuandikwa.

Bi Hadia akaipeleka karatasi kwa mwalimu wa skuli, Bwana Nicodemus, mtu wa bara, mwema wa watu. Akamsomea kuwa kesi imesogezwa. Hayo maneno mengine, alisema, ni lugha yao wenyewe mahakama. Bila shaka watakuita. Na Bi Hadia akangoja kuitwa, kama ambavyo mtu yeyote wa Siyu angalingoja. Kwao, mlango wa serikali hauendewi bila wito. Anayekwenda bila kuitwa ni mchongezi au ni mwizi aliyekwenda kujisalimisha, na mke mjane hatakiwi kuwa yoyote kati ya hao.

Wakili wa Yunusi hakungoja kitu. Muda ulipotimia akaleta ombi, kesi ikafutwa.

Siku Bi Hadia alipokuja Lamu, amekwisha kukuta minazi imeangushwa madafu yake na mlinzi mgeni getini, aliingia ofisini na buibui lake limelowa maji katika mashua ya kukodi. Hakimu hayupo. Abdulqadir akamuuliza kwa nini hakuja kuomba tarehe.

"Ndia ya kuya Lamu naiyua, mwanangu," akasema kwa Kisiyu. "Lakini sikwitwa."

"Bi Hadia, ilani ulipata. Umetia dole."

"Nimetia. Uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Basi niambie wewe uloandika. Panasema nini?"

Akamwambia. Ilimchukua muda mfupi kama kumeza mate. Yule mama akamtazama, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Hayo tu? Na hayo ulishindwa kunambia, na wali wangu umekula?"

Abdulqadir akamtayarishia ombi la kurudisha kesi, na hati ya kiapo aliyoieleza kwa maneno meupe: kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba hasomi Kiingereza, kwamba hakuna aliyemwambia cha kufanya. Neno la Kilatini hakutia hata moja. Bwana Hudson akaisoma mbele ya wakili wa Yunusi, akalikataa ombi palepale. Ilani ilifika, dole lipo, na mahakama haiwezi kumsubiri kila asiyeuliza. Kisha akamgeukia Abdulqadir aandike sababu. *Ignorantia juris neminem excusat*. Kutojua sheria hakumwokoi mtu.

"Hilo *neminem* liangalie, Bwana Abdulqadir," hakimu akasema akitabasamu. "Makarani wengi hulikosea. Lakini wewe sina wasiwasi nawe."

Akaliandika. N, e, m, i, n, e, m. Akarudisha kitoroli, akapiga mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, na Bi Hadia amekaa kwenye benci anausikiliza. Haukupinda. Ndiyo karatasi nzuri kuliko zote alizopata kupiga maishani, na shamba likaenda nayo.

Hakwenda Siyu tena, si arusi si hitima. Mamake alipofariki alizikwa na wengine. Watu wakasema kiburi cha ofisi, waseme.

Mwisho wa mwaka uliofuata macho yalimwisha nguvu, akaletewa msichana wa kumrithi kiti, Nerea Kemunto, Mkisii, mwepesi wa vidole na mcheshi. Alimfundisha mstari, alimfundisha herufi, na msichana akashika yote kwa wiki moja. Siku ya mwisho kulikuwa na ilani ya mvuvi wa Mbwajumali, huko huko Pate, mtu hana wakili. Nerea ameimaliza safi, *sine die* mahali pake, akamwonyesha akingoja sifa.

"Imekosewa nini, Bwana?"

"Haikukosewa. Huyu mvuvi ataifanyaje?"

Nerea akasema atatafuta wa kumsomea.

"Na atakayemsomea atatafuta nani? Irudishe karatasi mashineni. Chini yake mwandikie Kiswahili: siku haikuwekwa, njoo mwenyewe uombe, usingoje kuitwa, usipokuja kesi itafutwa. Na kila itakayotoka hapa kwenda kwa mtu asiye na wakili, fanya hivyo. Hakimu akikuuliza nani kakuruhusu, mwambie ni mimi."

"Na akisema niache?"

"Utamwambia sawa, Mheshimiwa. Kisha utakwenda gatini kabla mashua haijaondoka, umwambie askari anayeipeleka ilani kwa mdomo, naye akamwambie mvuvi kwa mdomo. Haya, andika. Mashua ya Pate inatoka alasiri."