Goti Langu Kwenye Ukurasa wa Tatu

Klabu yangu ya kwanza Kigali ilinilipa vizuri mpaka goti la kulia lilipojipinda, siku ya Jumanne, mazoezini. Mkataba ulisema nitalipwa nikiumia "kwenye mechi". Nikakaa nyumbani Kabeza miezi mitano, mke wangu akishona nguo za watu ili tule, mimi nikijifunza kusoma mikataba.

Kwa hiyo klabu ya pili iliponiita ofisini kwake Kimihurura, baada ya daktari wao kunipima na kuniona mzima, niliruka mshahara nikaenda moja kwa moja ukurasa wa tatu wa mkataba. Maneno yalikuwa yale yale: kwenye mechi.

"Katibu," nikasema, "kwa wiki nacheza mechi moja, nafanya mazoezi mara tano. Ninyi mmeniwekea bima ya siku moja."

"Kaka, iko sawa. Wote wanasaini hivyo."

"Wote wana magoti yao."

Nikataka iandikwe: mechi, mazoezi na safari za timu, mshahara kamili hadi nipone au mkataba uishe, matibabu juu ya klabu. Nikaongeza kwamba wasiponilipa miezi miwili nitawaandikia barua, nisubiri siku kumi na tano, halafu niondoke huru na deni langu nidai.

Katibu akavua miwani. "Wewe umekuja kuoa ama kuachana?"

"Kuoa. Lakini najua mlango uko wapi."

Akasema rais wa klabu hatakubali bure. Nami nilikuwa nimeshaona wanachokitaka: haki zote za sura yangu, maana mdhamini wao anauza maziwa. Picha ya timu nikiwa na jezi ni yao, hilo halina ubishi. Picha yangu peke yangu bangoni ni biashara nyingine.

"Mdhamini achukue sura yangu msimu mmoja, bila malipo. Goti mnaniachia."

Akanitazama kwa makini, kama mtu anayekagua papai. "Hii sura itauza maziwa?"

"Mtindi itauza."

Akacheka, kisha akapiga simu. Rais akakubali. Tukaandika marekebisho kwa kalamu kwenye nakala tatu: yangu, ya klabu, ya shirikisho la soka. Katibu akazikusanya.

"Niachie, rais asaini. Yako utapata kesho."

Ile kesho ya klabu ya kwanza bado naisubiri. Nikapanda pikipiki, nikaifuata yake mpaka Nyarutarama, kwa rais, aliyesaini akiwa amevaa ndala. Nikahesabu saini pembeni ya kila rekebisho, nikarudia. Nakala moja ilikosa moja, ya goti.

"Mzee, hapa umeruka."

"Wewe ni mchezaji ama mkaguzi?"

"Beki, mzee."

Akasaini. Jioni ile, mazoezini, mshambuliaji wao alinijia upande wa kulia. Tangu niumie, hata kwenye mechi za mtaani nilikuwa nawapisha watu kama huyo. Nikamkabili kwa goti lile lile, mpira ukatoka nje, naye akalala chini akinitukana kwa Kinyarwanda.