Mfano Bora wa Nyuzi Mia

Mwaka ule nilikuwa mkufunzi wa sayansi katika chuo kimoja cha ualimu pale Karatu, na ripoti za majaribio za mwaka wa kwanza zilikuwa zinanitoa roho. Basi nikawaandikia mwongozo. Kila sehemu niliipa mfano dhaifu na mfano bora, nikauchapa kwenye stensili, nikaudurufu hadi mikono ikawa myeusi kama ya fundi baiskeli.

Kwenye Lengo, mfano dhaifu ulisema: “Kuchemsha maji.” Ulio bora: “Kupima joto ambalo maji ya mvua huchemkia.” Kwenye Njia, dhaifu: “Chukua maji, weka motoni.” Bora: “Mililita mia mbili za maji zilipashwa moto, joto lilisomwa kila dakika mpaka likaacha kupanda.” Kwenye Matokeo, dhaifu: “Maji yalichemka sana.” Bora: “Joto lilisimama kwenye nyuzi 100.” Niliupenda mwongozo wangu, sikufichi. Niliusoma peke yangu nikitabasamu.

Ripoti zikaja. Wanafunzi wote walipata nyuzi mia, isipokuwa binti mmoja kutoka Kansay aliyeandika tisini na tano. Nilimpa sifuri kwa wino mwekundu. Sifuri ile haikuwa mchezo: aliyeanguka kazi za maabara hakupanda mwaka wa pili, alirudi kwao kulima.

Akaja ofisini, amekumbatia daftari.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba. Umekuja kuomba maksi?”

“Hapana, Mwalimu. Nimerudia mara tatu. Ni tisini na tano tu. Naomba usome Majadiliano.”

Sikuwa nimeyasoma. Nilipoona namba, nilipiga mstari nikaenda kunywa chai. Sasa nikasoma: “Karatu iko juu, hewa inakandamiza maji kidogo kuliko pwani, kwa hiyo huchemka kabla ya nyuzi mia. Mama anapikia vibarua wa barabara huko juu ukingoni mwa Ngorongoro, ambako maharage huchelewa kuiva kuliko nyumbani, ingawa sufuria inatokota.”

Somo hilo nililijua, nililifundisha hata ubaoni! Ila ile mia niliiandika kutoka kichwani, nikiwa nimekaa kitini, bila kuwasha hata kiberiti. Wenzake nao wakanakili mia yangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, maana karibu nimfukuze mtu mmoja pekee aliyepima.

Nikafuta sifuri mbele yake. Kesho yake nikalitangazia darasa kwamba Matokeo yangu yamehamia kwenye mfano dhaifu, na kwamba wote walioandika mia watarudia jaribio, mimi nikiwa wa kwanza. Walicheka mpaka madirisha yakatikisika. Msimamizi nilimteua yeye.

Alipita meza kwa meza, mikono nyuma, akafika kwangu. Akainama, akachungulia chupa yangu.

“Mwalimu,” akasema kwa upole, “kipimajoto chako kinagusa chini, kinapima chupa badala ya maji. Anza upya.”