Akaunti Zilizofungwa Zinazotumia Maji

Barua pepe ya meneja ilifika asubuhi, na kama kawaida yake haikuwa na hata salamu. Meneja wa upotevu wa maji katika mamlaka ya maji ya mji si mtu wa kupoteza maneno.

"Bi Jedwali," aliandika, maana jina hilo la utani lilishamganda mchambuzi wa takwimu kuliko lake la kuzaliwa. "Kuanzia sasa nataka ripoti mpya kila mwezi: akaunti zilizofungwa ambazo mita zake bado zinasoma. Kipindi: tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi uliopita. Safu: namba ya akaunti, namba ya mita, mtaa, usomaji wa mwanzo, usomaji wa mwisho, matumizi, na saa maji yanapotoka. Hiyo ya saa usiiache. Bomba linalovuja huvuja kutwa kucha, mwizi ana saa zake. Lengo: mafundi wapate orodha ya mita za kung'oa. Ya kwanza naitaka kesho."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mita za siku hizi hutuma usomaji kila saa, kwa hiyo alichuja akaunti zilizofungwa, akaondoa zenye matumizi sifuri, akaanza kupitia zilizobaki. Nyingi zilikuwa mabomba mabovu tu. Kisha akafika kwenye mstari mmoja, akausoma mara mbili.

Ilikuwa akaunti ya marehemu mama yake. Aliifunga mwenyewe baada ya matanga, akaifunga na nyumba, na ufunguo ulikuwa kwake peke yake. Maji yalikuwa yakitoka kila siku saa nne asubuhi. Kidogo, kama ndoo moja. Halafu basi, mpaka kesho yake.

Saa nne ndiyo saa aliyokuwa akifua mama. Hakuna mwizi duniani anayeiba ndoo moja ya maji saa nne kila siku, jamani.

Alimfuata fundi mita, mzee mmoja mcheshi ambaye angeweza kumtania hata hakimu mahakamani. "Twende ukanitazamie mita moja, baba," alimwomba. "Ni ya nyumbani."

"Twende, mwanangu. Huenda ni panya wanaoga," fundi akasema.

Walifika kabla ya saa nne. Kufuli lilikuwa na kutu, vumbi sakafuni halina hata alama ya unyayo. Karo la kufulia lilikuwa kavu, na buibui alikuwa ametanda utando kwenye mdomo wa bomba. Fundi alikagua bomba lote kutoka barabarani hadi uani, asione hata unyevu. Wakachuchumaa kwenye mita.

Saa nne ilipotimia, sindano ikaanza kuzunguka. Ilizunguka polepole, ikatulia kidogo, ikazunguka tena. Ndani ya nyumba hapakusikika hata tone. Mwishowe ikasimama.

Fundi alikusanya spana zake bila mzaha wowote. "Mita hii siing'oi," alisema. "Wamtume mwingine."

Na wangemtuma, hilo ndilo lililomsumbua. Mstari ule ukibaki, ndani ya wiki mita itang'olewa, na hicho kidogo cha mama kilichobaki duniani kitakatwa kwa mkono wa bintiye. Akiufuta, ripoti ya kwanza itatoka na uongo, naye hakuwahi kudanganya hata safu moja. Alirudi ofisini amekunja uso, mwenziwe wa meza ya pili akaona heri asimsemeshe.

Kabla ya jioni alishuka dirisha la wateja, akapanga foleni kama mtu mwingine yeyote, akalipia maji yaliyotumika na ada ya kufungua, akaihamishia akaunti kwenye jina lake. Kesho yake aliendesha ripoti upya. Akaunti sasa ilikuwa hai, haikuhusika tena. Meneja alijibu neno moja: "Sawa."

Mwezi uliofuata alifungua usomaji wa nyumba ile hata kabla ya kuvua koti. Tangu siku aliyoihamisha, sifuri. Saa nne, sifuri. Machozi yakamlengalenga, alihisi amefiwa mara ya pili.

Lakini mfumo huonyesha akaunti zote za mteja mmoja kwa pamoja, na chini yake ilikuwepo ya chumba chake cha kupanga, anakoishi peke yake, anakotoka alfajiri na kurudi jioni. Miaka yote alimbembeleza mama ahamie pale, mama akawa anasema atakuja tu, asiharakishwe.

Tangu siku ileile, chumbani kwake maji yalikuwa yakitoka kila siku saa nne asubuhi. Kama ndoo moja.

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nne. Akachukua mkoba wake, akamwambia mwenziwe kwamba anakwenda nyumbani mara moja, ana mgeni.